Siku Mbili za Juu, Siku Mbili za Chini

Nianze na lile ambalo watu huniuliza mwisho, ili watulie: katika mashindano yale nilishika nafasi ya tatu. Tulikuwa wanne. Basi, hilo limekwisha, na sitalirudia, maana sikukaa hapa kuandika habari za mashindano. Nataka kuandika habari za wiki kumi na mbili ambazo mke wangu alikuwa kwao Kagoma, na mimi nilikuwa Rwamishenye napunguza mafuta mwilini.

Ilikuwa bado enzi ya Mwingereza. Nilikuwa karani kwenye ghala la kahawa mjini Bukoba. Kazi yangu ilikuwa mizani: gunia linakuja, linapandishwa, nasoma ratili, naandika, linashushwa, linakuja lingine. Kutwa nzima. Jioni nilikuwa nainua vyuma. Watu walinicheka sana kwa hilo. Walisema mtu gani huyu, mchana anapima mizigo ya wenzake na jioni anabeba mizigo isiyo na mwenyewe. Na wacheke. Nilikuwa na mwaka wa tatu kwenye vyuma, sikuwa mwanafunzi tena wala sikuwa bingwa. Nilikuwa pale katikati, mahali ambapo mwili haukupi kitu tena bila kupanga.

Aliyenifundisha alikuwa fundi wa malori, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani na kuoa huku. Ua wake ulikuwa karibu na nyumba niliyopanga Rwamishenye. Zamani alikuwa jeshini, akapelekwa mbali, na huko akajifunza kuinua vyuma kutoka kwa askari wengine. Akarudi na ujuzi huo na goti bovu. Chuma chetu kilikuwa ekseli ya lori. Sahani za pembeni alizikata mwenyewe kutoka kwenye mabamba ya chuma chakavu, na kila moja nilikwenda nayo ghalani kwa siri kuipima, kisha akaichora ratili zake kwa rangi nyeupe. Benchi ilikuwa ubao uliofungwa magunia. Nguzo za kushikia chuma zilikuwa magogo mawili yenye panda. Nisikudanganye, kila kitu mle uani kilikuwa kibovu isipokuwa hesabu zake.

Wageni wa mashindano wangetoka Kampala kwa meli, na sisi wa Bukoba tulitakiwa kutoa mtu katika kila kundi la uzito. Fundi alinitaka niingie kundi la ratili mia na sitini na tano. Mimi nilikuwa mia na sabini na tisa, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ilikaa kiunoni, matunda ya rubisi, maana pombe yetu ya ndizi ni tamu na mimi sikuwa na adabu nayo. Ratili kumi na nne zilipaswa kutoka. Tulipanga tuanze baada ya mavuno.

Ndipo mtoto wetu akafa. Alikuwa wa kiume, wa kwanza, ana miezi mitano. Homa ilimshika Jumatano, na Ijumaa alfajiri hakuwepo. Tulimpeleka nyumbani kwetu, upande wa Muleba, tukamzika Jumamosi kwenye kibanja cha baba yangu, kati ya migomba. Mchungaji alisema maneno yake. Kwaya iliimba. Mke wangu alishikwa na wanawake wanne. Mimi nilisimama nikitazama udongo ukiingia na sikuona kitu chochote ndani yangu. Nilingoja kilio kije. Nilingoja kama mtu anayengoja kupiga chafya. Hakikuja.

Kwetu msiba una siku zake. Watu hawashiki jembe, wanatandika nyasi ndani ya nyumba, wanakaa na wafiwa na kulala pale pale chini. Bwana wangu wa ghalani, pamoja na ukali wake wote, alinipa ruhusa ya wiki nzima. Jumapili jioni nikamwambia mke wangu kwamba kazi inaniita. Alijua ruhusa yangu ni ya siku ngapi. Alijua pia kwamba Jumatatu ndiyo siku ambayo fundi alisema tutaanza. Nikapanda basi nikaenda zangu, nikaacha watu wamelala kwenye nyasi kwa ajili ya mwanangu.

Niliona aibu? Ningependa kusema ndiyo. Nilikuwa na ganzi, ndugu zangu. Ganzi haina aibu.

Matanga yalipokwisha mke wangu hakurudi Rwamishenye. Alivuka kilima akaenda kwa baba yake Kagoma, na akanitumia neno kupitia kwa mwanamke mmoja muuza maharagwe. Neno lenyewe lilikuwa fupi: "Mwambieni siwezi kukaa nyumba ambayo analia mtu mmoja." Muuza maharagwe alilisema mbele ya watu, sokoni, kwa sauti. Nikamshukuru. Nikanunua maharagwe, maana yalikuwa kwenye mpango.

Sasa mpango wenyewe. Fundi aliuchora kwa chaki kwenye mlango wa stoo yake. Jumatatu, mwili wa juu. Jumanne, mwili wa chini. Jumatano kupumzika. Alhamisi juu tena, Ijumaa chini tena. Jumamosi na Jumapili usiguse chuma.

"Kila kiungo kinapigwa mara mbili kwa wiki," alisema, "na kati ya kipigo na kipigo kinapata siku mbili tatu za kupona. Mtu anayekula kidogo hupona polepole. Umesikia, karani? Ndiyo maana ni siku nne. Siyo sita."

Jumatatu ilikuwa ya uzito mkubwa na marudio machache: nalala kwenye benchi na kusukuma ratili mia na themanini na tano, mara tano, napumzika dakika tatu, narudia, seti nne. Kisha nainama na kuvuta chuma hadi tumboni. Kisha nasukuma juu ya kichwa. Kisha najivuta kwenye boriti hadi kidevu kipite. Jumanne chuma kilikaa mabegani na mimi nachuchumaa nacho, ratili mia mbili na sitini, tano tano, halafu nainama nacho polepole magoti yakiwa yamelegea kidogo, ili nyuma ya mapaja ifanye kazi. Alhamisi tulirudia mambo ya juu kwa uzito mdogo zaidi, marudio nane hadi kumi. Ijumaa nilikuwa nanyanyua chuma kutoka chini, mzigo mzito kuliko yote, kisha nabeba kidogo mabegani na kupiga hatua ndefu mle uani, huku nikiruka matone ya oili.

Jambo moja alilisema mpaka likanichosha. "Chuma hakipungui. Wewe ndiye unayepungua, chuma hakipungui. Ukichoka, punguza seti, ziwe tatu badala ya nne. Lakini uzito uliopo kwenye chuma ndio unaouambia mwili kwamba nyama hii bado ina kazi, usiile. Ukianza kubeba vyuma vyepesi na kutoka jasho tu, mwili utakula nyama na kukuachia mafuta, na utafika kwenye mia na sitini na tano ukiwa kama mshumaa."

Chakula nacho kilikuwa na sheria. Rubisi marufuku. Samli na karanga za kuungia, kijiko. Ndizi za kupika nusu ya nilizozoea, na hizo nyingi nizile kabla na baada ya kuinua. Samaki kila siku, sato wa kuchoma au dagaa. Mayai. Maharagwe. Maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi. Nilitakiwa kushuka ratili moja hadi moja na nusu kwa wiki, si zaidi, na kujipima Jumatatu asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni. Mizani nilikuwa nayo. Nilifika ghalani kabla ya wapagazi, nikapanda pale pale yanapopandishwa magunia, nikajisoma, nikajiandika kwenye karatasi yangu. Wiki ya kwanza zilitoka ratili tatu na nikafurahi, kwa maana ya kwamba nilijua hapa mtu hufurahi. Fundi akaniambia nitulie, hayo ni maji.

Nyumbani nilipika mwenyewe. Majirani wa kike walipita kuchungulia. Mmoja aliniletea ebitoke, ndizi zetu za kupika, zilizopikwa na nyama yenye mafuta, zikinukia mpaka barabarani, akasema, "Mfiwa hali chakula cha baridi, baba." Nikamshukuru, nikangoja aondoke, nikatoa nyama, nikaikamua, nikaila, na zilizobaki nikampa mlinzi wa jirani. Mtu mzima ovyo. Siku ile nililala vizuri kabisa.

Wiki ya tatu baba yangu mdogo alinifuata. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wetu siku ya kuposa, kwa hiyo alijiona mwenye dhamana. Alinikuta nakula mayai manne.

"Mkeo yuko kwao na wewe unakula mayai," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Jumapili tunakwenda kumchukua. Mimi nitasema. Wewe utakaa, utakubali makosa, utakula, utakunywa. Basi. Hata ng'ombe anaweza."

Tukaenda Kagoma na vibuyu viwili vya rubisi. Kwa baba mkwe walitupokea kwa heshima, tukaketi, wakatupa buni za kutafuna kama mgeni anavyopewa, na baba mdogo akaanza kuzunguka na maneno yake. Mke wangu alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlangoni. Niliona vidole vya miguu yake chini ya pazia. Baba mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima mwenye kahawa nyingi na maneno machache, na alitaka jambo liishe, lakini liishe kwa utaratibu.

Chakula kikaja. Ndizi, maharagwe, nyama ya mbuzi iliyoogelea kwenye samli. Na kikombe cha rubisi hadi ukingoni.

Nikala maharagwe. Nikala vipande viwili vya nyama, nikivisukuma kwanza kwenye ukingo wa sahani vichuruzike. Ndizi nikaacha. Kikombe nikakigusa na mdomo nikakiweka chini.

Mama mkwe, ambaye kwa adabu alikuwa amekaa mbali akinipa mgongo nusu, aligeuka akatazama sahani. Kisha akainuka akatoka nje.

"Mkwe," baba mkwe akasema polepole, "unaogopa tumekuwekea nini humu?"

Lo! Mimi nilikuwa nafikiria samli, yeye alifikiria sumu. Na alikuwa na haki, kwa sababu kwetu mtu haachi kikombe cha mwenyeji ila kwa sababu hiyo tu. Baba mdogo aliruka, akanywa kikombe changu chote kwa mkupuo mmoja ili kuwaonyesha. Akakohoa. Akasema kijana tumbo linamsumbua. Lakini jambo lilikuwa limekwisha haribika. Vidole vya miguu viliondoka chini ya pazia. Tulirudi bila mke, na njia nzima baba mdogo alinitukana kwa Kihaya, lugha iliyo na nafasi ya kutosha kwa kazi hiyo.

Jumatatu nilipomsimulia fundi, nilidhani atanisifu. Aliweka spana chini.

"Wallahi wewe ni mjinga. Nani alikuambia sahani moja ya Jumapili inavunja mpango? Mafuta huyatoi kwa sahani, unayatoa kwa wiki. Ungekula, ungekunywa kikombe kimoja, Jumatatu na Jumanne ungepunguza ndizi kidogo, kwisha. Umekataa mke kwa sababu ya samli!"

"Ulisema rubisi marufuku."

"Nilisema kwa mlevi. Sikusema kwa mkwe!"

Nilipaswa kuumia hapo. Nilichofanya badala yake ni kuongeza siku. Nikaanza kwenda uani Jumatano pia, wakati fundi akiwa msikitini au mjini kutafuta vipuri, halafu Jumamosi. Nikapunguza chakula tena, nikaacha ndizi kabisa. Nikawa natembea kwa miguu kutoka kazini hadi Kahororo na kurudi, bila shughuli yoyote kule, napita shule, nageuka. Sababu naijua sasa. Siku za kupumzika zilikuwa ndefu mno. Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa Jumatano, mwili ulikuwa na swali na jibu: umeinua au hukuinua. Siku tupu zilikuwa na kitanda kidogo cha mtoto pembeni ya chumba, na mimi nikikitazama na bado nisihisi kitu, na hilo ndilo lililonitisha.

Wiki mbili zikapita hivyo. Mizani ilishuka ratili nne kwa wiki moja, nikajiona hodari. Lakini Jumanne, kwenye mia mbili na sitini, niliinuka mara tatu, ya nne miguu ikakataa, chuma kikaangukia kwenye panda za magogo kwa kishindo. Jumanne iliyofuata niliinuka mara mbili. Benchini nilipoteza ratili kumi. Nilikuwa nahisi baridi mchana. Usingizi ulikuwa unakatika. Fundi alinizunguka kama anavyozunguka lori lililoletwa na dereva mwongo.

"Siku ngapi kwa wiki?"

"Nne."

"Siku ngapi, karani?"

Nikasema sita. Hakupiga kelele. Alikwenda mlangoni kwenye chaki yake akaweka kidole kwenye Jumatano. "Hapa ndipo nguvu inapotengenezwa. Wewe umepaharibu hapa. Umeongeza kazi na umepunguza mchanga na saruji, sasa unashangaa ukuta unaanguka." Akanipa wiki nzima ya kubeba nusu ya uzito tu, akarudisha ndizi kwenye sahani, akaniamuru nilale mapema. Siku nne tena, seti tatu badala ya nne. Wiki iliyofuata niliinuka na mia mbili na sitini mara nne. Baada yake, tano. Mizani ikashuka ratili moja tu, kisha moja na nusu, kisha moja. Polepole, kama ilivyotakiwa toka mwanzo. Kiuno kiliingia ndani. Mashavu nayo yaliingia, mifupa ya uso ikatokeza, na suruali ya kazini nikaifunga kwa kamba.

Jumatatu ya wiki ya kumi na mbili mizani ya ghala ilisoma mia na sitini na tano. Nilishuka, nikapanda tena kuhakikisha. Wapagazi waliokwisha kufika walipiga makofi, maana walikuwa wamejua siku nyingi. Nikaandika kwenye karatasi. Nikaanza kupima magunia.

Jumapili iliyofuata, siku sita kabla ya wageni kuja, tulikwenda Kagoma tena. Safari hii baba mdogo hakuniambia kitu njiani, alinitazama tu kwa jicho la pembeni. Tuliingia uani kwa baba mkwe. Mama mkwe alikuwa anaanika maharagwe. Aliinua macho, akaniona, akaacha ungo.

Akalia. Lo, alilia yule mama! Alipiga magoti pale kwenye maharagwe akasema kwa Kihaya, "Tazameni mtoto wa watu alivyokwisha! Tazameni msiba ulivyomla!" Wanawake wa jirani wakaja. Mmoja alinishika mkono akausikia mfupa wa kiwiko, naye akaanza. Wakasema nilikuwa mnene, nilikuwa na shingo, nilikuwa na mashavu. Wakasema sasa wanaelewa kwa nini nilikataa chakula siku ile: koo la mfiwa limefunga, halipitishi kitu. Wakasema wanaume wengine hulia kwa macho na wengine hulia kwa nyama.

Baba mkwe alitoka. Alinitazama kutoka juu hadi chini, muda mrefu. Kisha akavua kofia yake.

"Tulikudhania vibaya," akasema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo. Maneno yalikuwa mepesi: hapana baba, sikukonda kwa majonzi, ni Jumatatu na Alhamisi, ni Jumanne na Ijumaa, ni sato wa kuchoma. Baba mdogo alinikanyaga mguu. Nikanyamaza. Walinitandikia mkeka, wakanipa ndizi na nyama, na nikala zote, na nikanywa kikombe kizima, na kila tonge nililomeza waliliangalia na kushukuru Mungu. Kabla jua halijainama, baba mkwe alimwita binti yake na kumwambia afunge mzigo wake. Alisema mwanamume aliyeisha namna hii kwa ajili ya mtoto wake ni wa kurudiwa.

Mke wangu alifunga mzigo. Hakulia na wale wengine.

Baba mdogo alibaki na rubisi. Sisi wawili tulishuka hadi barabarani kungoja basi la jioni la kwenda Bukoba. Nilibeba mzigo wake, tukasimama kando ya migomba ya mtu. Alikuwa amekonda yeye pia. Sikuwa nimeliona hilo kule ndani, wakati wote wakinitazama mimi.

"Jumatatu bado ni mwili wa juu?" akaniuliza.

Yeye ndiye aliyekuwa akinichemshia mayai kabla ya mtoto kuzaliwa. Ningemdanganyaje?

"Ndiyo," nikasema.

"Na wale wa Kampala wanakuja lini?"

"Jumamosi hii."

Akatikisa kichwa polepole. Alikuwa anajua tangu nilipoingia uani. "Mama yangu amelia kwa ajili yako leo kuliko alivyolia siku ya mazishi," akasema. "Na wewe ukamwacha alie."

"Nilimwacha."

"Je, umelia hata siku moja?"

"Hata moja," nikasema. "Nilijaribu. Sijui kilio kinaanzaje."

Tulisikia basi likipanda kilima upande wa pili. Aliinama akaushika mzigo wake, akauvuta karibu na miguu yake mwenyewe, mbali na yangu. Nikaelewa. Nilisimama pale nikingoja anieleze kwamba anarudi kwa baba yake, na nilijua nitasema sawa, na nitapanda basi, na kesho ni Jumatatu.

"Umepunguza ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Ratili. Umepunguza ratili ngapi?"

"Kumi na nne."

Basi lilikuwa limekwisha tokeza kwenye kona.

"Nilimpeleka kliniki wiki ile ile, Jumatatu, kabla homa haijamshika," akasema. "Wewe ulikuwa kazini. Walimweka kwenye mizani, akawa anacheka, anaushika mshale. Nilitaka kukuambia jioni, ukachelewa kurudi. Alikuwa ratili kumi na nne."

Nilipima kahawa miaka sita. Najua ratili kumi na nne ni kiasi gani mkononi, sihitaji mizani. Naweza kufumba macho na kukuambia. Mikono yangu iliinuka yenyewe kidogo, viganja juu, kama mtu anayepokea. Ilikuwa mitupu. Nikajaribu kuishusha ikakataa. Magoti yaliyonyanyuka na ratili mia mbili na sitini yakaachia pale pale kwenye vumbi, na sauti ikanitoka ambayo sikuwahi kuisikia, mbaya, kama ya mnyama. Nililia jina la mtoto wetu. Nililia mpaka nikatapika ndizi za mama mkwe kando ya barabara.

Basi lilisimama. Watu walichungulia madirishani. Dereva akapiga honi, akauliza kama tunapanda au hatupandi.

Mke wangu alikuwa amekaa chini karibu yangu, kwenye vumbi, na kitenge chake kizuri, mkono wake mgongoni pangu. Akamwambia dereva aende tu, sisi bado.